Posti Yako Imeondolewa: Soma Notisi Kwanza, Rufaa Baadaye

Oktoba 2020, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, mtumiaji mmoja wa Instagram nchini Brazili aliweka picha yenye rangi ya waridi na kichwa cha Kireno kilichoeleza kwamba inahusu dalili za ugonjwa huo. Ndani ya picha hiyo moja mlikuwa na picha ndogo nane, kila moja ikiwa na maelezo yake chini. Tano zilionyesha chuchu za mwanamke zikiwa wazi. Katika tatu zilizobaki, chuchu hazikuonekana au zilikuwa zimefunikwa kwa kiganja. Posti ile ikaondolewa, na mwenyewe akaletewa taarifa kwamba amevunja kanuni za uchi.

Wengi wetu tumewahi kupata taarifa kama hiyo, au tumemwona mtu wa karibu akiipata. Wengine huandika kwa hasira ukurasani kwamba wamefungiwa kwa fitina. Wengine huirudisha posti ileile wakitumaini safari hii itapita. Wapo pia wanaoifunga simu na kuyaacha yapite. Wachache mno huisoma notisi yenyewe hadi mwisho, ilhali ndiyo inayokuambia kama una hoja, unatakiwa kuipeleka wapi na una siku ngapi. Nimechagua kuifuata kesi ya yule Mbrazili kwa sababu ilipita katika kila ngazi ya rufaa iliyopo Facebook na Instagram, na kwa sababu mwisho wake uko kwenye kumbukumbu za wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma.

Tuanze na notisi. Maneno yake hubadilika kila programu inaposasishwa, na wengi wetu simu zetu ziko kwa Kiingereza, lakini kwa kawaida mambo manne hayakosekani. Kwanza, posti gani imeguswa na imefanywa nini. Kuondolewa ni tofauti na kupunguziwa usambazaji, na yote mawili ni tofauti na kufichwa katika nchi moja kwa ombi la serikali au amri ya mahakama. Ukiambiwa kwamba posti haionekani Tanzania au Kenya kwa sababu ya sheria ya nchi, hapo hushitakiwi kuvunja kanuni za mtandao, na rufaa ya kawaida ya ndani inaweza isikusaidie kitu. Pili, kanuni ipi inayodaiwa kuvunjwa. Tatu, adhabu: je, ni onyo tu, au kuna jambo umezuiwa kulifanya, na hadi lini? Nne, kitufe cha kupinga uamuzi, ambacho mara nyingi huandikwa “Request review” au “Disagree with decision”.

La pili ndilo watu huliruka. Jina la kanuni, kwa mfano uchi wa watu wazima, chuki, au vurugu na uchochezi, huwa ni kiungo cha kubonyezwa. Kibonyeze. Nyuma ya jina hilo kuna ukurasa mrefu unaoeleza kinachokatazwa, na mara nyingi ukurasa huohuo unataja vinavyoruhusiwa. Kanuni ya uchi ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020 na ndivyo ilivyo hata sasa: inakataza kuonyesha chuchu za mwanamke, lakini inaruhusu picha hizo zikiwa za elimu ya afya, na uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti umetajwa humo waziwazi. Kanuni iliyotumiwa kumwondolea Mbrazili posti yake ndiyo iliyokuwa ikimlinda.

Ilikuwaje basi? Hakuna binadamu aliyeitazama ile posti kabla haijaondolewa. Kompyuta iliyofunzwa kutambua uchi ilitambua chuchu, nazo zilikuwapo kweli, ikamaliza kazi. Kichwa kilichotaja saratani ya matiti kilikuwa kimeandikwa juu ya picha, kwa Kireno, na mtambo haukukizingatia. Mwenye posti hakuambiwa kwamba aliyeamua ni mashine. Siku hizi notisi nyingi za Facebook na Instagram husema kama uamuzi ulifanywa na teknolojia, na hilo ni tunda mojawapo la kesi hii. Ukiona maelezo ya namna hiyo kwenye notisi yako, yachukulie kwa uzito. Yana maana kwamba huenda hakuna mtu aliyewahi kusoma ulichoandika, na kwamba rufaa yako ndiyo nafasi ya kwanza ya kusomwa.

Hapo ndipo maana ya rufaa ya ngazi ya kwanza inapoonekana. Hukati rufaa kwa hakimu wa nje. Unaiomba kampuni ileile iitazame tena posti ileile kwa kipimo cha kanuni zilezile. Swali linaloulizwa ni moja: posti hii inavunja kanuni tuliyoitaja, au haivunji? Kama una watoto wa kusomesha, kama ukurasa ndio duka lako, kama mshindani wako ameposti jambo baya zaidi na hakuguswa, hayo yote yanaweza kuwa kweli na yanauma, lakini hayajibu swali. Nimesoma rufaa nyingi za watu wetu. Kosa linalojirudia ni hili: mtu anaomba huruma mahali anapotakiwa kueleza.

Miaka ya nyuma hapakuwa hata na mahali pa kueleza. Ulibonyeza kitufe ukasubiri. Sasa Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, huwapa watumiaji orodha ya sababu za kuchagua katika baadhi ya rufaa: niliposti ili kuhamasisha, nilikuwa nalaani, ulikuwa utani, na kadhalika. Februari 2024 pekee ilipokea rufaa zaidi ya milioni 7 za posti zilizoondolewa kwa kanuni ya chuki, na katika rufaa nane kati ya kila kumi watu walitumia nafasi hiyo ya kueleza. Mmoja kati ya watano alisema alikusudia kuhamasisha. Mmoja kati ya watatu alisema ni utani.

Hilo la utani linatuhusu sana. Chukua shabiki wa Simba anayeandika usiku wa kuamkia mechi ya watani wa jadi: “Kesho tunawachinja Utopolo, hakuna atakayetoka salama.” Kwa yeyote aliyekulia Tanzania hiyo ni Ijumaa ya kawaida. Kwa mtambo, au kwa mkaguzi aliyezaliwa mbali na Kariakoo, ni kundi la watu linalotishiwa kuchinjwa kesho. Vivyo hivyo utani wa Wahehe na Wangoni, ambao msibani hutolewa kwa maneno ambayo mgeni angeyaita matusi ya kikabila. Anayekata rufaa hapa asiishie kubonyeza “ulikuwa utani”. Kama kuna nafasi ya kuandika, aeleze kwa sentensi tatu: “Simba na Yanga ni timu za mpira za Dar es Salaam, zinacheza kesho, na ‘kuchinja’ hapa ni kufunga magoli. Utopolo ni jina la utani la Yanga. Hakuna mtu aliyetishiwa.” Mkaguzi hana dakika kumi za kukuchunguza. Mpe kile asichoweza kukiona kwenye posti yenyewe.

Nitoe mfano mwingine ulio karibu na kesi yetu. Tuseme muuguzi wa zahanati ameweka picha za namna ya kujipima matiti, zikaondolewa kwa kanuni ya uchi. Rufaa ya kusema “Mimi ni muuguzi, naomba mnirudishie, wagonjwa wangu wanaitegemea” ina ukweli ndani yake, lakini haigusi kanuni. Hii inagusa: “Picha hizi ni za mafunzo ya afya kuhusu dalili za saratani ya matiti. Maelezo yaliyo chini ya kila picha yanaeleza dalili husika. Kanuni yenu ya uchi inaruhusu picha za aina hii kwa uhamasishaji wa saratani ya matiti.” Ina hoja, ina ushahidi unaoonekana, na ina kifungu kinachotegemewa. Kama ningekuwa mkaguzi, hiyo ningeimaliza mara moja.

Na kuna la kufanya kabla hata ya kuposti. Usiiache nia yako ndani ya picha peke yake. Maandishi yaliyochorwa juu ya picha yalimponza Mbrazili, ambaye hakuwa ameongeza maelezo mengine yoyote. Andika nia kwenye maelezo ya posti. Kanuni ya chuki ya Meta, kwa mfano, inamtaka anayenukuu maneno ya chuki ili kuyalaani aonyeshe wazi kwamba analaani. Nia isipoeleweka, posti inaweza kuondolewa hata kama moyoni mwako ulikuwa safi.

Turudi Brazili. Mwenye posti alikata rufaa ndani ya Instagram. Ulikuwa wakati wa korona. Kampuni, wakati huo ikiitwa bado Facebook, ilikuwa imetangaza kwamba wakaguzi wamepungua na haiwezi kupitia kila rufaa. Posti haikurudi. Akaenda ngazi ya pili, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa: Bodi ya Usimamizi.

Bodi hii ilianzishwa kwa fedha za Facebook zilizowekwa kwenye mfuko wa dhamana, ili wanaoamua wasiwe wafanyakazi wa kampuni. Ilianza kupokea kesi Oktoba 2020. Uamuzi wake juu ya posti iliyo mbele yake unaibana kampuni, isipokuwa kama kuutekeleza kutavunja sheria. Mapendekezo yake ya jumla, yale ya kubadili kanuni au utaratibu, hayaibani. Kampuni hulazimika tu kuyajibu hadharani ndani ya siku 60. Ni vizuri mtu ajue tofauti hiyo asije akatarajia kubwa kuliko lililopo.

Kufika huko kuna mlango mmoja. Kampuni ikishakataa rufaa yako ya kwanza, kwa kesi zinazostahili hukupa namba ya kumbukumbu inayoanza na FB au IG. Namba hiyo ndiyo tiketi yako kwenye tovuti ya Bodi, na una siku 15 tangu uamuzi wa mwisho wa kampuni. Siku ya 16 mlango umefungwa. Usipokata rufaa ya kwanza hupati namba, na bila namba Bodi haikusikilizi hata kama dhuluma iko wazi mchana kweupe. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kitufe kile cha kwanza kisiachwe kwa kukata tamaa: hata ukidhani watakataa, kukataa kwao ndiko kunakokufungulia mlango unaofuata.

Ila Bodi huchagua. Mwaka 2021 ilipokea maombi zaidi ya milioni moja na ikatoa maamuzi 20. Katika 14 iliibatilisha Meta. Huchagua kesi zinazogusa watu wengi, siyo kila aliyeonewa. Kwa hiyo mwenye duka la mitumba aliyeondolewa tangazo asihesabu kwamba Bodi itamwokoa. Apeleke ombi, kwa kuwa halimgharimu chochote, kisha aendelee na shughuli zake.

Kesi ya Mbrazili ilichaguliwa, na hapo likatokea jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari yote. Kampuni iliitazama posti upya, ikakiri kwamba ilikosea, na tarehe 9 Desemba 2020 ikairudisha. Kisha ikaiambia Bodi iiache kesi, kwa hoja kwamba posti imerudi na hakuna tena mgogoro. Bodi ikakataa. Ilisema kinachohesabiwa ni kwamba mtumiaji na kampuni walikuwa hawakubaliani pale alipomaliza njia za ndani. Kama sivyo, kampuni ingekuwa ikiponyoka kila kesi ngumu kwa kurudisha posti baada ya kesi kuchaguliwa. Januari 28, 2021 ikatoa uamuzi: posti haikuvunja kanuni. Ikapendekeza watumiaji waambiwe kanuni mahususi wanayodaiwa kuvunja, waambiwe pale mashine inapokuwa imeamua, wawe na nafasi ya kukata rufaa kwa binadamu katika kesi za aina fulani, na mitambo iboreshwe isome maandishi yaliyo juu ya picha.

Ningependa msomaji alione hilo vizuri. Kosa liligunduliwa baada ya macho ya binadamu kuitazama posti, na macho hayo yalipatikana kwa sababu mtu mmoja hakuishia kwenye kukataliwa kwa kwanza.

Ipo kesi nyingine inayoonyesha kwamba rufaa huenda mbali kuliko posti ya aliyekata. Septemba 2020 mtumiaji wa Facebook nchini Kolombia aliweka katuni inayowaonyesha polisi wakimpiga mtu. Miezi 16 baadaye, Januari 2022, katuni ikaondolewa. Sababu ilikuwa kwamba mkaguzi mmoja alikuwa ameiingiza kimakosa katika hifadhi ya picha zilizopigwa marufuku. Picha ikishaingia humo, kompyuta huifuta popote inapokutana nayo, awe ameiweka nani na kwa nia gani. Watumiaji 215 walikata rufaa kuhusu katuni hiyo, na asilimia 98 walishinda. Bado picha ikabaki kwenye hifadhi hadi kesi ilipofika mbele ya Bodi, ambayo Septemba 2022 iliikemea Meta kwa kutokuwa na utaratibu wa kuitoa picha haraka pale rufaa zinapoonyesha wazi kwamba iliwekwa kimakosa.

Kutokana na hiyo nachukua onyo moja la vitendo: usiirudishe posti ileile iliyoondolewa. Kama picha imo kwenye hifadhi hiyo, itafutwa tena, na utakuwa umejiongezea alama ya kosa. Kata rufaa kwanza, subiri jibu.

Alama za kosa ndizo sehemu ya notisi inayowachanganya wengi, kwa hiyo nizieleze taratibu. Facebook huziweka kwenye kumbukumbu ya akaunti. Kwa makosa mengi, ya kwanza ni onyo tupu. Kuanzia ya pili hadi ya sita unaweza kuzuiwa baadhi ya mambo kwa muda, kama kuposti kwenye magrupu. Ya saba inakunyima kuposti siku moja, ya nane siku 3, ya tisa siku 7, na kuanzia ya kumi siku 30. Utaratibu huu mwepesi ulianza Februari 2023. Zamani watu walikuwa wakifungiwa siku 30 kwa makosa madogo. Makosa mazito, kama yanayohusu unyanyasaji wa watoto au ugaidi, hayafuati ngazi hii; akaunti inaweza kuondolewa mara moja. Alama hufutika baada ya mwaka mmoja, na rufaa ikishinda huondolewa pamoja na adhabu yake.

Tangu 2024 kuna njia ya pili ambayo watu huichanganya na rufaa. Ukikosea kwa mara ya kwanza unaweza kupewa somo fupi ndani ya programu. Ukilimaliza, onyo linafutwa. Mwanzoni ilikuwa kwa watengenezaji wa maudhui, baadaye ikaenea kwa watumiaji wengine. Ni njia nzuri kwa aliyekosea kweli. Lakini somo halirudishi posti, na wala halisemi kwamba hukukosea. Mwandishi wa habari aliyeondolewa ripoti halali, au yule muuguzi wetu, akichagua somo atakuwa amesafisha rekodi yake na kuipoteza kazi yake. Mwenye hoja akate rufaa.

Mitandao mingine ina hesabu zake. Kwenye TikTok alama hufutika baada ya siku 90, na rufaa inapokelewa hadi siku 180. YouTube huanza na onyo. Baada ya hapo, alama tatu ndani ya siku 90 hufuta chaneli. Wala usichanganye hayo na hakimiliki. Notisi inayosema kwamba wimbo au video ni mali ya mtu mwingine haihusu kanuni za jamii. Ukiipinga rasmi kwa hati ya kukanusha, unatoa tamko la kisheria lenye jina na anwani yako, na anayedai haki anaweza kukupeleka mahakamani. Vijana wa YouTube hubonyeza hicho kitufe kama wanavyobonyeza cha rufaa ya kawaida. Wasome kwanza.

Nani hasa anasoma rufaa ya Kiswahili? Kwa miaka kadhaa, hadi 2023, sehemu ya kazi ya kukagua posti za Facebook kutoka Afrika Mashariki na nchi za jirani ilifanywa Nairobi, katika kampuni ya Sama iliyokuwa na mkataba na Meta. Mei 2022 Daniel Motaung, mkaguzi wa zamani, alifungua kesi dhidi ya kampuni hizo mbili akilalamikia mazingira ya kazi na madhara ya kutazama mambo ya kutisha kutwa nzima. Mwaka uliofuata zaidi ya wenzake 180 nao wakaenda mahakamani baada ya kupoteza ajira. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Ninalitaja hili ili tukumbuke kwamba upande wa pili wa kitufe, anapokuwapo mtu, ni mfanyakazi mwenye foleni ndefu ya posti na muda mfupi kwa kila moja. Ndiyo maana nasema sentensi mbili au tatu zenye hoja, siyo barua.

Kuna jambo lisilo la haki ambalo ni lazima lisemwe. Mswahili anayeishi Hamburg na ndugu yake aliyebaki Tanga wakiondolewa posti ileile siku ileile, hawana haki sawa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Februari 17, 2024, inailazimisha mitandao mikubwa kumpa mtumiaji sababu mahususi za maandishi, kuacha njia ya malalamiko ya ndani wazi kwa angalau miezi sita, na kuhakikisha kwamba malalamiko hayaamuliwi na mashine peke yake. Juu ya hapo, aliye Hamburg anaweza kwenda kwa chombo cha usuluhishi kilichoidhinishwa nje ya kampuni, mfano Appeals Centre Europe kilichoko Dublin, ingawa uamuzi wa vyombo hivyo haulazimishi. Aliye Tanga hutegemea kile ambacho kampuni imeamua yenyewe kumpa. Wabunge wetu, ambao wametunga sheria za kumwadhibu anayeposti, bado hawajatunga hata moja ya kumdai mwenye mtandao sababu. Naona ni deni.

Mwisho kuna notisi za uongo, na hizi zimewaliza wengi kuliko zile za kweli. Ujumbe unakuja kwenye inboksi, kwenye WhatsApp au kwenye barua pepe: ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 kwa kuvunja kanuni, bonyeza hapa ukate rufaa. Aliyetuma ana nembo ya Meta na jina la kutisha. Ukibonyeza unaombwa nywila na ile namba ya siri inayotumwa kwa meseji, na baada ya dakika chache ukurasa una mmiliki mpya. Notisi ya kweli haihitaji nywila yako ili upinge uamuzi. Huonekana ndani ya programu yenyewe, na unaweza kuithibitisha bila kubonyeza kiungo chochote: fungua mipangilio, tafuta “Account Status”, utakuta orodha ya posti zako zilizoondolewa na adhabu zilizopo. Kama humo hakuna kitu, huyo aliyekuandikia ni tapeli. Barua pepe za kweli za Facebook mara nyingi hutoka kwenye anwani zinazoishia na facebookmail.com, na za Instagram kwenye mail.instagram.com; lakini mimi ningeamini zaidi kilichomo ndani ya programu kuliko kilichomo kwenye barua.

Kwa hiyo ukiamka asubuhi ukakuta posti yako imeondolewa, fanya hivi. Piga picha ya skrini ya notisi yote, pamoja na tarehe. Hifadhi nakala ya posti kama unayo. Bonyeza jina la kanuni, usome sehemu ya vinavyoruhusiwa kabla ya sehemu ya vinavyokatazwa. Ukiona kweli umeteleza, kubali, chukua somo kama umepewa. Ukiona hukuteleza, andika rufaa inayotaja kanuni na kueleza kile ambacho mgeni hawezi kukijua. Wakikataa, nakili namba ya FB au IG siku hiyohiyo, na uhesabu siku 15 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, siyo siku uliyouona.